Posti yako ya biashara inafutwa kwenye magrupu ya mtaa? Anza kwa kujua nani kaifuta

Nauza mashuka. Mzigo nachukua Kariakoo, wateja wangu karibu wote wanatoka kwenye magrupu ya huku kwetu, Tabata, Segerea, Kinyerezi mpaka Kimara, mengine ya Facebook mengine ya WhatsApp. Na pia ni admini wa grupu moja la wakazi, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili, nimefutiwa posti na nimefuta posti za watu. Swali ninaloulizwa na wauzaji wenzangu ni lilelile tu, mbona mimi nafutiwa na fulani anapost kila wiki haguswi. Na kabla sijajibu mtu keshabadilisha emoji mbili, kapost tena, kafutiwa tena, saa hizi kakasirika.

Tatizo ni kwamba anatibu ugonjwa ambao hajaupima. Kuna wanne wanaoweza kuizuia posti yako: Facebook au WhatsApp yenyewe, mtambo ambao admini kauseti usaidie kuchuja, admini mwenyewe kwa kidole chake, na majirani wanaobofya kuripoti. Kila mmoja anaacha alama tofauti, na dawa ya mmoja haimfai mwingine, wakati mwingine inamchokoza kabisa. Kwa hiyo twende dalili kwa dalili.

Umepost, kimya, haionekani popote

Hii ndo inayowapa watu presha bure. Magrupu mengi ya kuuza na kununua ya Facebook yamewekwa kwamba posti lazima ipitishwe na admini kwanza. Haijafutwa, ipo foleni. Ingia kwenye grupu, tafuta sehemu imeandikwa "Your content", ndani yake utaona posti zako zimegawanywa: "Pending" ni zinazosubiri, "Declined" ni zilizokataliwa, "Removed" ni zilizotoka halafu zikaondolewa. Hayo maneno matatu ndo kipimo chako, usifanye chochote kabla hujayasoma.

Ikiwa "Pending", tulia. Kosa kubwa hapa ni kupost tena ukidhani ya kwanza imegoma. Nikuambie inavyoonekana upande wa admini: anafungua foleni asubuhi akiwa kwenye daladala anakuta mashuka yaleyale mara nne kutoka kwa mtu mmoja, hana muda wa kuchagua ipi nzuri, anakataa zote, na akiwa na hasira anakutoa. Ukiona zimekuwa mbili tatu foleni, futa mwenyewe ubakize moja. Na foleni zinapitiwa admini akipata nafasi, wengi wana kazi zao, kwa hiyo posti ya "leo tu" inaweza kupitishwa kesho kutwa ikiwa imeshakuwa uongo. Kwenye grupu lenye foleni usiandike "leo", andika tarehe au usiandike kabisa.

Imekataliwa hapohapo, hata dakika haijaisha

Ukikuta iko "Declined" na umeipost sasa hivi, huyo sio binadamu. Hakuna admini anayesoma kasi hiyo. Facebook inawapa maadmini kitu kinaitwa Admin Assist, wanakiseti masharti na chenyewe kinakataa posti bila mtu kugusa. Masharti yanayotumika sana ni haya: posti ina linki, posti ina neno fulani alilolipiga marufuku, akaunti ya mwandishi ni changa, mwandishi hana picha ya profaili, au kajiunga na grupu juzi tu.

Sasa hapa ufanye kama fundi wa pikipiki, badilisha kitu kimoja kimoja. Anza na linki, maana ndo mkosaji wa mara nyingi. Watu tunapenda kubandika linki ya katalogi au ile ya wa.me ili mteja abofye tu atue WhatsApp, na kweli inarahisisha, lakini linki ndo hiyohiyo wanayotumia wale wa "pata mkopo ndani ya dakika 5", kwa hiyo maadmini wengi wamezifunga zote kwa pamoja. Toa linki, posti jaribu tena kesho yake. Ikipita, umeshajua. Ikigoma angalia maneno: "mkopo", "kamisheni", "fursa", "wekeza", "jiunge", haya ndo yanayofungiwa zaidi na wewe unaweza ukawa umeyatumia kwa nia njema, mfano "fursa ya kupata mashuka bei ya jumla". Andika tu "nauza pia jumla".

Ikiwa umetoa vyote na bado inagoma, basi tatizo sio posti, ni wewe. Namaanisha akaunti. Umejiunga juzi, au profaili yako ina picha ya ua na jina "Bei Poa Shop" na hakuna kingine. Hapo hakuna ujanja wa maneno. Weka picha, kaa kwenye grupu wiki mbili tatu, jibu maswali ya watu, kuna mtu anauliza fundi wa mabomba mzuri yuko wapi na wewe unamjua, mwambie. Halafu ndo upost.

Kuna wanaoandika namba kwa kuficha, sifuri saba kwa herufi halafu nukta katikati, au "bEi" na "m.k.o.p.o" ili mtambo usishtuke. Acha. Unaweza ukapita mtambo, lakini binadamu anayesoma anaona mtu anayejificha, na anayejificha kwa macho ya mtaa ni tapeli.

Ilitoka, ikapata na komenti, jioni haipo

Hii iko "Removed", na hapa umegusa mtu. Ama admini kaiona kaifuta, ama wanagrupu wameiripoti na admini akakubaliana nao. Na sababu tisini kwa mia ya hizi, nasema kwa uzoefu wangu sio kwa takwimu, ni kwamba mtu kachukua tangazo moja akalipeleka kwenye magrupu nane bila kusoma kanuni hata ya moja.

Kanuni zipo wapi? Facebook zipo kwenye sehemu ya "About" ya grupu, na mara nyingi kuna posti imebandikwa juu kabisa. WhatsApp zipo kwenye maelezo ya grupu, bofya jina la grupu juu. Lakini kanuni zilizoandikwa ni nusu tu. Nusu nyingine unaisoma kwa kupanda juu ya grupu, angalia posti kama ishirini za karibuni za wauzaji ambazo bado zipo. Zimeandika bei? Zina picha ngapi? Namba ya simu ipo au wanasema njoo inboksi? Watu wanauza siku gani? Posti zilizobaki ndo kanuni halisi, maana zile zingine zimeshafutwa.

Nichukue tangazo langu mwenyewe nilivyokuwa naandika mwanzoni, nione aibu kidogo mbele zenu:

> 🔥🔥🔥 OFA OFA OFA!!! MASHUKA MAKALI YA KISASA BEI YA KUTUPA 🔥🔥🔥 WAHI KABLA HAYAJAISHA!!! NJOO INBOKSI KWA BEI NA MAELEZO. TUNATUMA MIKOANI. JIUNGE NA GRUPU LETU HAPA 👇👇

Nilibandika hilo kwenye magrupu manne siku moja. Mawili yalilifuta, moja likanitoa, la nne lilibaki na hakuna aliyeuliza hata bei. Tuliangalie vizuri maana lina makosa matano na kila kosa linamuudhi mtu tofauti. Herufi kubwa zote ni kupiga kelele. Bei haipo, na "njoo inboksi kwa bei" ndo sentensi inayoripotiwa kuliko zote kwenye magrupu ya kuuza na kununua, watu wanaona unataka kuwapima mfuko kwanza. Mahali hapapo, mtu wa Segerea hajui uko Tabata au uko Mwanza. "Tunatuma mikoani" kwenye grupu la mtaa inamwambia admini kwamba huyu sio jirani, huyu anapita tu. Na ile ya mwisho ndo mbaya kuliko zote, unamwibia admini watu wake kwenye nyumba yake. Mimi mwenyewe nikiwa admini linki ya kuita watu grupu lingine naifuta bila kumaliza kusoma.

Sasa bidhaa ileile, seti ya sita kwa sita, mashuka mawili na foronya nne, elfu thelathini na tano. Nilikaa nikaiandika upya kwa kila grupu.

Grupu la kwanza ni la Facebook, la kuuza na kununua, kanuni zake: bei lazima, eneo lazima, hakuna linki, posti moja kwa siku. Hapo niliandika hivi:

> Mashuka 6x6, seti mpya, mashuka mawili na foronya nne. 35,000. Nipo Tabata, unaweza kuja kuyaona. Rangi zilizopo ni kijivu, bluu iliyokolea na maziwa. Segerea na Kinyerezi naleta kwa boda, nauli 3,000, unalipa ukishayashika.

Ona kwamba bei iko mstari wa kwanza na hiyo "unalipa ukishayashika" imefanya kazi kuliko emoji zote za moto. Watu wa magrupu wameliwa sana na wale wa "tuma nauli kwanza", ukisema mapema kwamba humtaki atume kitu, mkono wake unatoka kwenye kitufe cha kuripoti.

Grupu la pili ni la WhatsApp la wakazi, linahusu maji, taka, ulinzi shirikishi, misiba. Biashara inaruhusiwa Jumamosi tu. Humo huwezi kuingia na lugha ya dukani, unaingia kama jirani:

> Habari za wikendi majirani. Ni mimi wa nyumba ya kona jirani na mashine ya kusaga. Nina mashuka ya 6x6, 35,000 seti. Nitakuwa nyumbani leo mpaka saa kumi na mbili jioni, anayetaka kuyaona apite. Jumamosi njema.

Picha mbili, basi. Hakuna orodha ya rangi, anayetaka atauliza. Na usirudie Jumapili kisa hukuuza.

Grupu la tatu ni la kina mama la Facebook, matangazo hayaruhusiwi kabisa isipokuwa Ijumaa, ambapo admini anafungua posti yake mwenyewe na wauzaji wanaweka biashara zao kwenye komenti. Hapo wengi wanajaribu kuchomekea, mtu anaandika "jamani nimefua mashuka yangu yametoa rangi, nyie mnanunua wapi?" halafu mwenzake aliyempanga anajibu "nenda kwa fulani". Kina mama wa hilo grupu sio watoto, wanagundua, na ukishagunduliwa jina lako linatajwa miezi. Subiri Ijumaa, komenti moja, picha moja:

> Mashuka 6x6 seti 35,000, Tabata. Ukiosha mara ya kwanza yakachuja rangi nirudishie.

Mistari miwili. Kwenye komenti hakuna anayesoma zaidi ya hapo, lakini hiyo ahadi ya kurudisha inajibu wasiwasi ambao hao kina mama wanao kweli, nilijua kwa sababu nilisoma malalamiko yao ya nyuma. Kama huwezi kutimiza usiiandike.

Bidhaa ile, bei ile, picha zilezile. Kilichobadilika ni nani unaongea nae na kwake anapendaje kuongeleshwa. Haichukui muda kama unavyodhani, nilitumia kama nusu saa kwa yote matatu.

Facebook imekuandikia "You can't use this feature right now"

Hii ni nyingine kabisa, usimpigie admini kelele, hahusiki. Chini yake wanaeleza kwamba wanaweka kikomo cha mara ngapi mtu anapost au kukomenti ndani ya muda fulani ili kuzuia spamu, na kwamba ujaribu tena baadaye. Kikomo chenyewe hawakitaji kwa namba, kwa hiyo mtu akikuambia "ukipost kumi na tano hawakukamati" anabahatisha.

Kinachosababisha ni kasi na kufanana. Umekaa saa tatu usiku, umefungua magrupu yako ishirini, kopi, pesti, kopi, pesti, na kila moja ina picha ileile na maneno yaleyale, ndani ya dakika kumi. Kwa mtambo wa Facebook huwezi kutofautishwa na roboti, na kusema kweli hapo ulikuwa unafanya kazi ya roboti.

Cha kufanya ni kuacha. Kila ukijaribu kupost kipindi umefungiwa unazidi kuonekana mkaidi. Usifungue akaunti ya pili ukaendelea, hiyo inakuletea matatizo makubwa zaidi maana akaunti changa ndo inayokamatwa haraka. Subiri ifunguke yenyewe, na siku ya kwanza ikifunguka usirudi na njaa, posti grupu moja, mawili, uone. Halafu punguza magrupu. Mimi nilikuwa nayo zaidi ya thelathini, nikakaa nikaangalia wateja walionunua kweli walitoka wapi, walikuwa wanatoka kwenye matano. Yale mengine nilikuwa nayalisha tu mtambo sababu za kunifungia.

Na kubadilisha neno moja kwenye kila kopi hakusaidii sana, naona watu wanaambiana eti ongeza nukta mwisho. Tangazo likiwa limeandikwa kwa ajili ya grupu husika linakuwa tofauti lenyewe, na linachukua muda kuandika, kwa hiyo hata kasi inapungua bila kupanga.

Upande wa WhatsApp

WhatsApp haina "Pending" wala "Declined", dalili zake ni chache.

Ukiona ujumbe wako umebadilika na kuandikwa kwamba admini kaufuta, basi ni mkono wa admini na kila mtu kaona. Usianze kubishana humo ndani. Ukiona sehemu ya kuandika imepotea na inasema maadmini tu ndo wanaweza kutuma, hujafungiwa wewe, grupu zima limefungwa, mara nyingi kuna msiba au kuna ugomvi umetokea. Watu wanakosea hapa, wanamwandikia admini pembeni "mbona umenifungia", na yeye ana shughuli ya mazishi mkononi.

Ukiona huna hizo dalili ila watu hawajibu kabisa, angalia ujumbe wako una neno "Forwarded" juu yake? Hiyo alama inaua biashara. Ukifowadi tangazo kutoka grupu moja kwenda lingine, jirani anaona hata hukuandika kwa ajili yake, na akiona ile mishale miwili ya kitu kilichofowadiwa mara nyingi ndo anaona ni takataka za mtandaoni. WhatsApp yenyewe pia inabana, ujumbe ambao tayari umefowadiwa huwezi kuupeleka zaidi ya grupu moja kwa mkupuo. Kwa hiyo andika upya, piga picha ipandishe upya kutoka kwenye simu. Kama umekosea bei unaweza kuedit ndani ya dakika 15, zikipita hizo futa utume sahihi, usitume "samahani bei ni..." mara tatu.

Halafu kuna ile tabia ya kuchukua namba za watu kwenye grupu na kuwafuata inboksi mmoja mmoja. "Habari, nimeona uko grupu la wakazi, nauza mashuka." Unajua inakuwaje? Yule asiyekujua WhatsApp inamwekea palepale kitufe cha kublock na kuripoti, na akiripoti, WhatsApp wanapokea ujumbe wako wa mwisho hadi mitano uliomtumia. Wakifanya hivyo watu kadhaa ndani ya siku moja namba yako inaweza kufungwa kabisa, sio grupu, namba. Na hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mtu ana haki ya kukataa namba yake itumike kumtangazia biashara, kwa hiyo akisema hataki, hataki.

Njia halali ipo. Mteja aliyenunua muombe aiseve namba yako, halafu muweke kwenye broadikasti. Orodha moja inabeba watu hadi 256 na ujumbe unamfikia yule tu aliyekuseve, maana yake asiyekutaka hakusikii, hakuna wa kuripoti. Picha nyingi nyingi zipeleke statasi au kwenye katalogi ya WhatsApp Business, grupuni zipeleke mbili.

Namba ikifungwa kweli, ukifungua WhatsApp utakuta kuna sehemu ya "Request a review", bofya, eleza kwa kifupi. Ila kama ulikuwa unatumia zile WhatsApp za kuongezea ujanja, za GB na ndugu zake, ujue hizo peke yake zinatosha kufungiwa, rudi kwenye ya kawaida kwanza.

Posti ipo salama, lakini komenti zimejaa "tapeli" na "spamu"

Hii ni hatua moja kabla ya kuripotiwa, na ina sababu ndogo ndogo ambazo watu hawazifikirii. Ya kwanza ni picha. Umechukua picha ya mashuka mtandaoni, kitanda cha hoteli ya Ulaya, dirisha lina theluji nje. Nani atakuamini uko Tabata? Piga mzigo wako mwenyewe juu ya kitanda chako, hata mwanga ukiwa wa kawaida. Nikishutumiwa huwa napiga picha mpya hapohapo, shuka pembeni na karatasi nimeandika tarehe ya leo na jina la grupu, naiweka kwenye komenti. Kelele zinaisha.

Ya pili ni kupandisha posti kwa kukomenti "up", "up", "bado yapo" kila baada ya masaa mawili. Kila ukifanya hivyo waliokomenti kule juu wanapata taarifa kwenye simu zao. Mtu aliuliza bei wiki iliyopita, leo simu yake inalia mara sita kwa ajili yako. Magrupu mengi yanakataza, na hata yasiyokataza mimi nasema mara moja kwa siku tatu, na uwe na kitu kipya cha kusema, mfano rangi ya maziwa imeisha.

Ya tatu ni mzigo uliouzwa kuendelea kuonekana unauzwa. Mtu anakuja inboksi, unamwambia umeisha ila nina mwingine wa elfu hamsini. Hata kama ni kweli, inanuka kama chambo. Ukiuza edit posti andika IMEUZWA, na kama uliitoa kama tangazo la kuuza la Facebook kuna kitufe cha kuweka imeuzwa.

Kila kitu sawa lakini bidhaa yako haipiti popote

Kuna vitu ambavyo Facebook haiviruhusu kuuzwa kwenye sehemu zake za biashara hata uandike kwa adabu gani: wanyama, dawa, pombe, sigara, silaha. Wanaoumia zaidi huku kwetu ni wa kuku wa kienyeji na wale wa dawa za asili na za kupunguza tumbo. Unaona posti ya kuku inaondolewa, halafu admini anaapa hajaigusa, na ni kweli hajaigusa. Kubadilisha neno kuku kuwa "wale ndege wetu" hakutakufikisha mbali. Peleka kwa wateja wako wa WhatsApp wanaokufahamu, au kaongee na mwenye bucha na mama ntilie ana kwa ana.

Umeshatolewa kwenye grupu

Usirudi kwa laini nyingine wala kwa akaunti ya mume wako. Grupu la mtaa watu wanajuana, picha za mashuka ni zilezile, siku mbili tu umegundulika.

Mwandikie admini mara moja, na uandike kosa lako kwa jina lake. Mimi lile grupu lililonitoa niliandika hivi: "Shikamoo mama. Ni mimi muuza mashuka wa Tabata uliyenitoa wiki iliyopita. Nilipost bila bei na nikaweka linki ya grupu langu, kanuni yenu namba 3 inakataza na sikuwa nimeisoma. Linki nimeiacha kabisa. Naomba kurudi, na posti ya kwanza nitakutumia wewe uione kabla sijaiweka." Sikueleza shida za maisha wala kusema mbona na fulani anapost. Yeye alijibu baada ya siku nne, "Marahaba mwanangu, tuma nione." Nikamtumia ile ya Facebook yenye bei juu, mwishoni nimeongeza "nauza pia jumla". Akaniambia nitoe neno "jumla" maana kuna mwingine humo anauza jumla na hataki vita, nikalitoa, akanirudisha, na seti mbili za kwanza kwenye lile grupu alinunua yeye.